Barzilai Alimkatalia Mfalme, Akabarikiwa

Somo: 2 Samweli 19:31–40



Kila mwaka wakati wa Noeli, watoto wetu wafanyao kazi mijini warudipo nyumbani penye migomba, huwako maneno yasemwayo kwa sauti ya chini kando ya meko. Shangazi amemwona kijana wa watu, mwenye kazi na mwenye adabu. Mjomba ana rafiki ambaye binti yake amemaliza chuo cha uuguzi. Mama mkubwa amekwisha kuulizia habari za ukoo mzima. Basi, kabla sikukuu haijaisha, kijana au binti huitwa kando, akaambiwa, "Mwanangu, nimekutafutia mwenzako."

Jambo hili si baya. Ndoa nyingi njema zilizobarikiwa madhabahuni petu zilianza kwa neno la shangazi. Walakini yule aliyeitwa pengine hataki. Hapo hushikwa na mashaka mawili. Akikubali, atajifunga maisha yake yote kwa kuogopa kumhuzunisha mzee mmoja. Akikataa, aogopa kuonekana mtovu wa shukrani, hata kuikosa radhi. Ndipo huja kwa mchungaji au kwa mwinjilisti wa mtaa, akauliza: Nisemeje? Leo na tumjibu kwa Neno la Mungu, maana Maandiko yatuonyesha mtu aliyekataa ukarimu mkubwa wa mkubwa wake, wala asimwudhi.

Mtu huyo ni Barzilai Mgileadi. Mfalme Daudi alipokuwa akimkimbia mwanawe Absalomu, alifika Mahanaimu hali amechoka, yeye na watu wake. Barzilai na wenzake wakamletea vitanda na vyombo, ngano na shayiri, kunde na dengu, asali na siagi na kondoo. Vita ilipokwisha, Barzilai akashuka kumsindikiza mfalme hata Yordani. Ndipo mfalme akataka kumlipa wema wake. Akamwalika aende naye Yerusalemu, akae karibu naye, alishwe kwake siku zake zote. Tazameni, ndugu: neno lile lilitoka katika moyo wa upendo, nalo lilikuwa jema. Hata hivyo Barzilai hakulitaka.

Na tuangalie jinsi alivyojibu. Kwanza, aliitoa sababu kwake mwenyewe, wala si kwa mfalme. Hakusema kwamba Yerusalemu ni mji wa fitina, wala kwamba chakula cha mfalme si kizuri. Alisema yeye ana miaka 80, ulimi wake hauonji tena sawasawa, masikio yake hayasikii vema sauti za waimbaji. Pili, sababu yake ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa ya kudumu. Mtu wa miaka 80 hatakuwa kijana mwaka ujao, na kwa hiyo mfalme hakuwa na haja ya kumwalika mara ya pili. Tatu, alisema wazi atakalo: aliomba arudi, afe katika mji wake penye kaburi la baba yake na mama yake. Nne, hakumwacha mfalme mikono mitupu. Alimtoa Kimhamu, akamwomba mfalme amchukue huyo na kumtendea aonavyo vema. Yaani ule ukarimu wa mfalme ulipata mahali pa kwenda.

Mwisho wake ulikuwaje? Mfalme alimbusu, akambariki, naye akarudi kwake. Wala wema huo haukuishia mtoni. Daudi alipokuwa karibu kufa, alimwagiza Sulemani awafadhili wana wa Barzilai, wawe miongoni mwao walao mezani pake, kama isemavyo 1 Wafalme 2:7. Yule aliyekataa kula mezani pa mfalme, watoto wake wakapewa mahali mezani. Basi asiwepo mtu wa kusema kwamba kukataa ni lazima kuvunje undugu. Undugu huvunjwa na namna ya kukataa.

Sasa linganisheni na watu wa Luka 14. Mtu mmoja aliandaa karamu kubwa, nao walioalikwa wakaanza kutoa udhuru. Wa kwanza amenunua shamba, lazima aende kulitazama. Wa pili amenunua ng'ombe jozi 5, anakwenda kuwajaribu. Wa tatu ameoa mke, hawezi kuja. Mwenye karamu akakasirika. Kwa nini? Maana hakuna anunuaye shamba bila kuliona kwanza, wala ng'ombe bila kuwajaribu. Aliambiwa maneno ambayo hata mtoto angejua kuwa si kweli. Mtu akimkatalia mwenzake kwa udhuru wa uongo, humdharau mara mbili: amekataa kipawa chake, tena amemfanya mjinga.

Wengi wetu tunajibu kama hawa watatu. Shangazi akisema, "Nimekutafutia mwenzako," kijana hujibu, "Ngoja kwanza nimalize kujenga." Shangazi mwenye upendo husikia ahadi katika neno hilo. Nyumba ikipauliwa, yuko mlangoni na jina lile lile, tena sasa ana haki ya kudai. Mwingine hunyamaza tu, akatabasamu chini. Na katika nyumba zetu ukimya wa binti mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kukubali. Mwingine hutafuta kosa kwa yule aliyeletwa: ni mfupi, ni maskini, ukoo wao una maneno. Huyo ndiye aumizaye kuliko wote. Shangazi ndiye aliyemchagua mtu yule, na kumtukana mtu yule ni kuyatukana macho ya shangazi. Na neno hilo halikai. Siku moja litafika penye nyumba ile nyingine, nao hawakukukosea lo lote.

Hapa pana jambo ambalo vijana hawalijui, nalo ni kiini cha habari hii. Shangazi hakuja kwako peke yake. Kabla hajakuambia, mara nyingi amekwisha kusema na mtu wa upande wa pili, dada yake au mama yake. Ameweka heshima yake rehani. Kwa hiyo anapokusikia ukikataa, hafikiri tu habari zako, anafikiri, "Nitarudi kule na neno gani?" Hasira yake nyingi yatoka hapo. Anayemkatalia mshenga hana budi kumpa neno la kurudi nalo, neno ambalo aweza kulisema mbele ya watu bila kuaibika na bila kumwaibisha mtu. Barzilai alimpa Daudi Kimhamu. Wewe mpe shangazi neno jema la kuchukua.

Tena wakati wa kukataa wapaswa kuangaliwa sana. Mambo haya huenda kwa hatua. Hatua ya kwanza ni neno la kudokezwa tu, alijualo shangazi na watu wawili watatu. Ya pili ni kuonana, pengine kwa kuitwa kunywa chai mahali ambapo na mgeni yule ameitwa. Ya tatu ni mshenga rasmi na barua ya posa, pamoja na kile kitolewacho ndani yake. Ya nne ni mahari. Ya tano ni matangazo kanisani. Katika hatua ya kwanza neno la kukataa ni kama kurudisha kikapu jirani. Katika hatua ya tatu nyumba mbili zimekwisha kufunguliana milango, wazee wameketi, wamekula na kunywa pamoja. Na mahali pengi kilichonywewa hakirudi bila maneno. Hata sheria huyatazama mambo haya. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili, wala haihesabu kuwa ni ndoa ile iliyofungwa kwa kulazimishwa. Lakini sheria hiyo hiyo yamruhusu aliyeahidiwa ndoa kisha akaachwa adai fidia ya hasara yake, na aliyetoa zawadi kwa sharti la ndoa aidai ndoa isipofungwa. Basi, usionje asali kwa kidole ukidhani ndio adabu. Adabu ni kusema mapema.

Nitawasimulia habari ya dada mmoja, bila kumtaja jina wala mtaa wake. Ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wake wakati ule miaka 29. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la sita, na shangazi yake ndiye aliyemlipia ada kwa fedha za kahawa na ndizi hata akamaliza chuo cha ualimu. Shangazi huyo akamletea habari za mgane mmoja, fundi seremala mwenye karakana yake na watoto wawili, mtu wa kanisani asiye na lawama. Shangazi alikuwa amekwisha kumwambia dada wa fundi yule, "Nitakuletea jibu baada ya Pasaka." Binti hakumtaka. Hakuwa na mwingine. Alijua tu kwamba moyo wake hauko kwa mtu yule, wala hakuwa tayari kuwa mama wa watoto wa marehemu kwa ajili ya kutii tu.

Hakumjibu kwa simu, wala hakumtuma ndugu yake. Alikwenda mwenyewe siku ya Jumamosi, akachukua sukari na majani ya chai kama alivyozoea siku zote, wala hakuzidisha, ili zawadi isifanane na malipo. Alisaidia kumenya ndizi, akangoja hata watoto wakaondoka. Ndipo aliposema:

"Shangazi, nimelifikiri neno lako majuma mawili, nami nimeliombea. Nakushukuru. Najua ulipokuwa ukinilipia ada hukuwa na shuka la pili la kujifunika, na najua hata sasa unanitafutia mahali pa kupumzika. Lakini sitaolewa na fundi. Sina kosa la kumtaja. Ni mtu mwema. Moyo wangu haukuelekea kwake, nami naogopa kwenda mbele ya madhabahu na kuahidi nisichokuwa nacho."

Shangazi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na mimi nimwambie nini dada yake? Nimekula kwao."

Angalieni, lile tulilosema ndilo lililotokea. Hakuuliza, "Kwa nini?" Aliuliza, "Nimwambie nini?" Binti alikuwa amejiweka tayari. Akajibu, "Mwambie, Shangazi, kwamba ulinifikishia neno lao kwa heshima, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema siwezi. Mwambie nimewashukuru kwa kunifikiria, nami sijamwona kaka yake kuwa na upungufu wo wote. Ukitaka, nitakwenda pamoja nawe nimwambie mwenyewe, ili asidhani wewe ndiwe uliyemficha."

Shangazi akasema, "Mwanangu, unazeeka. Mimi nikifa nani atakutazama?" Sasa hofu yenyewe ilikuwa imetoka nje, maana shangazi wengi hawatafuti mahari, wanaogopa kufa wakiacha mtu peke yake. Binti hakubishana na umri wake. Alisema, "Hofu hiyo naijua, nami ninayo. Naomba mambo mawili. Uniombee kila siku kama ulivyofanya nilipokuwa shuleni. Na usiseme tena na nyumba yo yote kwa ajili yangu mpaka nije mimi mwenyewe nikuambie. Siku hiyo ikija, wewe ndiwe wa kwanza nitakayemwita."

Hiyo ndiyo Kimhamu yake. Hakuukataa upendo wa shangazi. Aliupa kazi nyingine.

Shangazi alikubali, lakini kwa shida. Baada ya miezi 4 alileta jina la pili. Hapa wengi hukosea, maana hudhani kwamba maneno ya kwanza hayakutosha, wakaongeza sababu mpya juu ya sababu. Sababu mpya ni mlango mpya. Kila uliyo nayo yaweza kujibiwa. Binti yule alirudia maneno yale yale, machache kuliko ya kwanza: "Asante, Shangazi. Neno langu ni lile la Jumamosi ile. Nikiwa tayari nitakuja." Jina la tatu halikuletwa. Wote wawili wapo hata leo, nao huketi benchi moja kanisani.

Labda mtu atasema, "Barzilai alikuwa mzee tajiri, aliweza kusema na mfalme. Mimi ni mtoto niliyesomeshwa kwa jasho la huyo ninayemkatalia." Ni kweli, wala si jambo jepesi. Basi tuijue mipaka ya deni. Amri ya nne yatutaka tuwaheshimu wazazi, na Katekisimu yatufundisha kuwahesabu pamoja nao wale walio mahali pa wazazi. Heshima hiyo yadaiwa daima: kuwasikiliza hata mwisho, kuwatunza katika uzee, kuwasema vema. Lakini Doktari Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1524 kuhusu wazazi na ndoa za watoto, alifundisha mambo mawili pamoja: wazazi wasiwalazimishe watoto wao kuoana wala wasiwazuie, na watoto wasijifungie uchumba pasipo ridhaa ya wazazi. Mamlaka ya mzazi amepewa kwa kujenga. Kumtia mtu katika ndoa asiyoitaka ni nje ya mamlaka hiyo. Wala tusisahau upande wa pili. Asemaye, "Nitajichagulia mwenyewe," naye anachagua gizani, hana haki ya kuwashangaa jamaa zake wakiendelea kumtafutia.

Na vipi kama mtu ana mchumba ambaye bado hajamtaja kwao? Asiseme, "Sina mpango wa kuoa." Huo ni uongo, nao utajulikana siku posa itakapoletwa. Si lazima ataje jina. Yatosha aseme, "Moyo wangu umekwisha kuelekea mahali, wakati ukifika nitalileta neno mbele yenu." Kunyamazia sehemu ya jambo kwaweza kuwa busara. Kusema lisilokuwako ni dhambi, hata likisemwa kwa adabu.

Na mzee akikasirika, akasema atamwondolea mtoto radhi yake? Hapo mtoto asijibu siku hiyo. Na aende, kisha amtafute mtu wa rika la mzee yule, mjomba au mzee wa kanisa, amwombe aketi naye. Mithali 26:2 yalinganisha laana isiyo na sababu na ndege arukaye huku na huko, asiyetua. Mwenye kukataa kwa kweli na kwa heshima hajafanya kosa la kulaaniwa. Akiona kwamba siku ile maneno yake yalikuwa makali, na aombe msamaha kwa ajili ya ukali. Asiombe msamaha kwa ajili ya jibu, maana kufanya hivyo ni kulifungua upya.

Sasa neno kwenu, akina shangazi na akina mjomba, na wote mnaopenda kuunganisha watu. Someni Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu alipotumwa kumtafutia Isaka mke, kabla hajapanda ngamia aliuliza: Je, kama mwanamke hatakubali? Na Ibrahimu alimjibu kwamba katika hali hiyo atakuwa huru na kiapo chake. Ibrahimu alilihesabu neno la kukataa tangu nyumbani. Hata baba na kaka walipokwisha kukubali, bado Rebeka mwenyewe aliitwa akaulizwa kama atakwenda na mtu yule. Basi fanyeni vivyo. Mwulizeni mtoto kwanza, ndipo mseme na nyumba nyingine. Na mkisema na nyumba hiyo, semeni, "Nitamwuliza," msiseme, "Nitakuletea." Neno hilo moja litawaokoa na aibu nyingi.

Nanyi wainjilisti na wazee wa mitaa, mtaombwa na jamaa mkamshawishi kijana fulani "kwa Neno la Mungu." Pelekeni salamu za jamaa ikiwa mmeombwa, lakini msiyatumie Maandiko kuwa fimbo ya posa. Mkiona binti akijibu "ndiyo" huku akimtazama shangazi yake, mwiteni peke yake kabla ya Jumapili ya kwanza ya matangazo, mkamwulize. Ni afadhali posa irudi kwa mshenga kuliko machozi yarudi kwetu baada ya arusi.

Luther, akiifafanua amri ya nane, atutaka tumtetee jirani, tumseme vema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Yeye akataaye na afanye hivyo kwa shangazi yake: asiseme, "Anataka kuniuza," bali aseme, "Anaogopa kuniacha peke yangu." Na shangazi afanye hivyo kwa mtoto: asiseme, "Ana kiburi cha shule," bali aseme, "Anaogopa kuahidi asichonacho." Hapo wataweza kuagana kama walivyoagana wale wawili penye Yordani, mmoja akienda kwake na mwingine kwake, na baraka katikati yao.

Mungu Baba, aliyewaweka watu katika jamaa, na atupe ndimi za kweli na mioyo ya shukrani, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.